Etheni na asetilini: jinsi ya kuchagua kati ya sp² na sp

Katika mazoezi ya kemia ya mwaka wa kwanza hapa Lubumbashi kuna swali ambalo halikosi. Mwanafunzi anapewa molekuli, anaambiwa ataje aina ya obitali za kila kaboni, ahesabu bondi za sigma na za pai, kisha aeleze umbo. Wengi hujibu kwa njia ya mkato: wakiona mistari miwili kati ya kaboni wanaandika sp², wakiona mistari mitatu wanaandika sp. Kwa etheni na asetilini jibu linatoka sahihi. Lakini ziko molekuli ambazo njia hiyo inakosea kabisa, na hata pale inapopatia, haisemi kwa nini gesi hizi mbili zina tabia tofauti hivyo.

Nitaziweka etheni, C₂H₄, na asetilini, C₂H₂, ubavu kwa ubavu, ili ukiikuta kaboni usiyoijua uweze kuichagulia obitali zake kwa sababu inayosimama. Nitatumia maelezo ya bondi za valensi, yaani yale yanayosema kwamba bondi huzaliwa pale obitali moja ya atomu hii inapoingiliana na obitali moja ya atomu ile, na ndani yake zikakaa elektroni mbili zenye spini zinazopingana. Heitler na London walianzisha wazo hilo mwaka 1927 kwa molekuli ya haidrojeni. Pauling na Slater walilipeleka kwenye kaboni mwaka 1931, na hapo ndipo uchanganyaji wa obitali ulipoingia.

Kaboni ina nini mkononi

Kaboni huja na elektroni nne za nje: mbili katika 2s, na mbili katika 2p, kila moja katika obitali yake. Ukiichukua hivyo ilivyo, ina elektroni mbili tu ambazo hazina mwenza, kwa hiyo ingefunga bondi mbili na kuishia kuwa CH₂. Ili ifunge nne, elektroni moja ya 2s lazima ipandishwe hadi obitali ya 2p iliyo tupu. Kupandisha huko kunagharimu takriban kilojuli 400 kwa moli. Ni gharama kubwa, lakini bondi moja ya C–H inarudisha kiasi kama hicho, na kaboni iliyopandisha inapata bondi mbili za ziada. Inabaki na faida.

Sasa ina obitali nne zenye elektroni moja moja: s moja na p tatu. Hapa ndipo uchaguzi unapoanza. Obitali ya s inaweza kuchanganywa na p zote tatu, au na mbili, au na moja. Ikichanganywa na mbili, tunapata obitali tatu za sp² na p moja inabaki peke yake. Ikichanganywa na moja, tunapata obitali mbili za sp na p mbili zinabaki. Idadi ya obitali haipungui wala haiongezeki: unaingiza nne, unatoa nne.

Jambo moja niliseme mapema, kwa sababu vitabu vingi vya hesabu za mitihani huliacha. Kaboni haikai mahali ikijichanganya kwanza, kisha ikaenda kutafuta haidrojeni. Kupandisha na kuchanganya ni hatua za maelezo yetu, si matukio yanayofuatana ndani ya chupa. Tunachagua mchanganyiko unaoendana na molekuli jinsi ilivyo. Kwa hiyo ukiulizwa kwa nini kaboni ya etheni ni sp², usijibu kwamba imeamua kuwa hivyo. Jibu ni kwamba ina majirani watatu wa kufungana nao kwa sigma, na elektroni moja inayobaki kwa ajili ya pai.

Kuzijenga ubavu kwa ubavu

Tuanze na etheni. Kila kaboni ina obitali tatu za sp², zimelala katika bapa moja, zikiachana kwa nyuzi takriban 120. Mbili zinaelekea kwenye haidrojeni, na kila moja inaingiliana na 1s ya haidrojeni yake. Ya tatu inaelekea kwenye kaboni ya pili na kukutana na sp² ya huko uso kwa uso, juu ya mstari unaounganisha viini viwili. Bondi yoyote ambayo elektroni zake zimejikusanya hivyo kuzunguka mhimili ni sigma. Etheni ina tano: C–H nne na C–C moja.

Kila kaboni imebaki na p moja iliyosimama wima juu ya bapa. P hizo mbili hazielekeani, zinasimama sambamba na kuingiliana kwa ubavu, juu ya bapa na chini yake. Hiyo ndiyo bondi ya pai. Ndani ya bapa lenyewe elektroni za pai hazipatikani. Wingu la juu na wingu la chini ni bondi moja, si mbili. Kosa hili ninaliona mara nyingi kwenye karatasi: mwanafunzi amechora vipande viwili vizuri, kisha anavihesabu kuwa bondi mbili za pai.

Asetilini nayo: kila kaboni ina majirani wawili tu, haidrojeni moja na kaboni moja. Obitali mbili za sp zinatosha, na zinaelekea pande mbili kinyume kabisa, nyuzi 180. Sigma ni tatu: C–H mbili na C–C moja, zote juu ya mstari mmoja. Kila kaboni inabaki na p mbili ambazo zenyewe zimepishana kwa nyuzi 90. Zile zilizo wima zinafanya pai moja, zile zilizolala zinafanya pai ya pili.

Hakikisha kwa hesabu ya elektroni. Etheni ina elektroni za nje 4 + 4 + 4 × 1 = 12, yaani jozi sita: sigma tano na pai moja. Asetilini ina 4 + 4 + 2 = 10, yaani jozi tano: sigma tatu na pai mbili. Jozi zikikataa kulingana na bondi ulizochora, umekosea mahali fulani kabla hata ya kuandika sp chochote.

| | Etheni | Asetilini |
|---|---|---|
| Obitali za kila kaboni | sp² tatu, p moja | sp mbili, p mbili |
| Sigma / pai | 5 / 1 | 3 / 2 |
| Umbo | bapa | mstari mmoja |
| Urefu wa bondi ya C na C | takriban pm 134 | takriban pm 120 |
| pKa ya C–H | takriban 44 | takriban 25 |

Pai moja inashikilia bapa, pai mbili hazina pa kushika

Kwa nini atomu zote sita za etheni ziko katika bapa moja? Obitali za sp² peke yake hazitoi sababu hiyo. Zinaeleza kwamba kila kaboni na majirani zake watatu wako katika bapa, lakini hazilazimishi bapa la kaboni ya kushoto liwe sawa na la kaboni ya kulia. Sigma ni duara kuzunguka mhimili, kwa hiyo ukizungusha upande mmoja yenyewe haipotezi kitu. Anayezuia ni pai. Ukizungusha upande mmoja kwa nyuzi 90, p mbili zinakuwa zimepishana na kuingiliana kwao kunafika sifuri. Kufikisha etheni hapo kunadai takriban kilojuli 270 kwa moli, wakati ethani, isiyo na pai, inazunguka kwa takriban 12 tu.

Linganisha sasa na namba nyingine. Wastani wa nishati ya kuvunja bondi moja ya C–C ni takriban 347, ya C=C ni 614, ya C≡C ni 839, zote kwa kilojuli kwa moli. Toa 347 katika 614: zinabaki 267. Ni karibu sana na kile kizuizi cha mzunguko, na inaeleweka, maana kwa kuzungusha umevunja pai na kuiacha sigma. Toa 614 katika 839: unapata 225. Usizitumie tofauti hizi kama vipimo kamili vya nguvu ya pai, kwa sababu sigma ya asetilini ni fupi na imara kuliko ya ethani, na hesabu hii inaichukulia kana kwamba haibadiliki. Lakini mwelekeo ni wa kweli: kila pai inaongeza chini ya kile ambacho sigma ilileta. Kuingiliana kwa ubavu ni kudogo kuliko kuingiliana uso kwa uso. Ndiyo maana bromini ikifika inashambulia pai na kuiacha sigma ya kaboni na kaboni ikiwa nzima, kwa etheni na kwa asetilini pia. Kwa hiyo maji ya bromini yakipoteza rangi hayakuambii ni gesi ipi uliyonayo.

Kwa sababu ya kizuizi hicho, ukiweka kundi la methili kila upande wa C=C unapata viumbe viwili tofauti vinavyoweza kuwekwa katika chupa mbili: buti-2-eni ya cis inachemka karibu na 4 °C, ya trans karibu na 1 °C. Fanya vivyo hivyo na asetilini, upate buti-2-aini, na hakuna cis wala trans. Watu hudhani ni kwa sababu pai mbili zinazuia zaidi. La. Makundi yako juu ya mhimili wenyewe, hayana upande. Ukizungusha kitu kilicho juu ya mhimili wake, hakuna kilichobadilika.

Pia usichore pai mbili za asetilini kama vipande vinne vilivyotengana, viwili juu na chini, viwili mbele na nyuma, kisha ukadhani kuna nafasi tupu kati yao. Px na py zenye elektroni sawasawa zikijumlishwa zinatoa wingu lililo sawa pande zote, mfano wa mwanzi unaozingira mhimili. Uchaguzi wa kuita mmoja wima na mwingine mlalo ni wetu wa kuchorea tu.

Mgao wa s, ambako tofauti kubwa imejificha

Kuhesabu sigma na pai ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo kwangu ndiyo yenye utajiri, ni kuuliza ile s moja imegawanywa vipi. Pakiti moja ya chumvi ikigawanywa katika vyungu vitatu, kila chungu kinapata theluthi. Ikigawanywa katika viwili, kila kimoja kinapata nusu. Sp² ina theluthi moja ya s, asilimia 33. Sp ina nusu, asilimia 50. Sp³ ya ethani ina robo.

Mgao huu una maana kwa sababu elektroni ya 2s inakaa karibu na kiini kuliko ya 2p, na inashikwa kwa nguvu zaidi. Obitali yenye s nyingi ni fupi, imejikusanya, na inavuta elektroni kwake. Matokeo ya kwanza unayaona kwenye urefu wa C–H: takriban pikomita 109.4 kwa ethani, 108.7 kwa etheni, 106 kwa asetilini. Hakuna pai katika bondi ya C–H, kwa hiyo ufupi huu hauwezi kulaumiwa kwa mistari mingi. Ni mgao wa s tu.

Matokeo ya pili ni asidi. Haidrojeni ya asetilini ikiondoka kama H⁺, jozi ya elektroni inabaki kwenye obitali ya sp ya kaboni, yenye nusu ya s, karibu na kiini kinachoivuta. Ya etheni ikiondoka, jozi inabaki kwenye sp², mbali kidogo, na haitulii hivyo. pKa ni takriban 25 kwa 44. Tofauti ya 19 katika pKa ni mara kumi iliyozidishwa kwa yenyewe mara 19. Kivitendo: amidi ya sodiamu, NaNH₂, katika amonia ya majimaji inaing'oa H ya asetilini, kwa sababu pKa ya amonia ni takriban 38, juu ya 25. Etheni, yenye 44, haiguswi.

Wiki ya mazoezi ya mada hii hakosi mwanafunzi wa kuinua mkono: «Asistenti, silabasi inasema C–H ya asetilini ndiyo imara zaidi, kilojuli 556 kwa 463 za etheni. Sasa inakuwaje ndiyo inayoachia haidrojeni kwa urahisi?» Ni swali la kweli, dada, na halina mkanganyiko ukitazama ni kitu gani kinaondoka. Zile kilojuli 556 ni za kuigawa bondi katikati, kila upande uchukue elektroni moja. Kaboni ya sp inapinga hilo, kwa sababu haitaki kupoteza elektroni yake ya pili. Kwenye asidi, kaboni haipotezi: inabaki na zote mbili na haidrojeni inaondoka mikono mitupu. Sababu ileile, mgao wa s, inafanya bondi iwe ngumu kuvunjwa kwa namna ya kwanza na nyepesi kwa namna ya pili.

Katika mji wa shaba kama wetu, hili si jambo la karatasi. Wachomeleaji hutumia asetilini kwa sababu ya moto wake, ambao pamoja na oksijeni unapita 3000 °C. Wengine huitoa katika mtungi, wengine huizalisha papo hapo kwa kutia maji kwenye kabaidi ya kalisiamu:

CaC₂ + 2 H₂O → C₂H₂ + Ca(OH)₂

Angalia mlingano huo vizuri: kabaidi ni asetilini iliyokwisha kuvuliwa haidrojeni zake mbili. Maji, yenye pKa 15.7, ni asidi kuliko asetilini, kwa hiyo yanazirudisha. Na kwa sababu haidrojeni za asetilini zinavulika, shaba nayo inaweza kuzichukulia nafasi na kufanya asetilidi ya shaba, ambayo ikikauka hulipuka kwa kuguswa au kupata joto. Ndiyo sababu bomba na viungio vya asetilini havitengenezwi kwa shaba tupu wala kwa mchanganyiko wenye shaba zaidi ya takriban asilimia 65 hadi 70. Mtu anayeunganisha mpira wa asetilini kwa kipande cha bomba la shaba, kwa kuwa kiko karibu na kinaingia vizuri, anatengeneza kitu cha hatari. Etheni haina tatizo hilo.

Hapo pia ndipo unapopata jaribio la kuzitofautisha, lile ambalo bromini ilishindwa kutoa. Pitisha gesi katika kloridi ya shaba(I) iliyoyeyushwa kwa amonia: asetilini inatoa mashapo mekundu-kahawia, etheni haitoi kitu. Tumia kiasi kidogo, na mashapo yaharibiwe kwa asidi yakiwa bado mabichi, yasiachwe yakauke kwenye karatasi ya kuchujia. Kumbuka pia kwamba buti-2-aini, ingawa ina kaboni za sp, haitatoa mashapo: haina haidrojeni kwenye kaboni hizo.

Je, etheni ni sp² kweli?

Nilisema nyuzi takriban 120. Kipimo halisi cha pembe ya H–C–H katika etheni ni takriban 117.4, na ya H–C–C ni 121.3. Mwanafunzi makini atauliza kama sp² basi ni uongo. Si uongo, ni kadirio, na tunaweza kuhesabu limekosea kiasi gani.

Kwa obitali mbili zinazofanana za aina ya sp yenye p mara n, pembe kati yao inafuata cos θ = −1/n. Weka n = 2, unapata nyuzi 120; weka n = 1, unapata 180. Sasa rudi nyuma kutoka pembe iliyopimwa: cos 117.4° ni −0.460, kwa hiyo n = 2.17. Mgao wa s katika kila obitali inayoelekea kwa haidrojeni ni 1 ÷ (1 + 2.17), yaani 0.315, badala ya 0.333. Zote mbili zimechukua 0.63. S ni moja tu, kwa hiyo obitali inayoelekea kwa kaboni mwenzake imebaki na 0.37. S haikugawanywa sawa kwa sawa: upande wa kaboni umepata zaidi kidogo.

Na hii inaweza kupimwa kwa njia nyingine isiyohusu pembe. Kwenye kifaa cha NMR, kaboni-13 na haidrojeni iliyoifunga zinahisiana, na ukubwa wa kuhisiana huko kwa hidrokaboni kama hizi ni takriban hezi 500 mara mgao wa s. Ethani: robo ya 500 ni 125, na kinachopimwa ni takriban 125. Asetilini: nusu ni 250, kinachopimwa ni takriban 249. Etheni kwa sp² kamili ingetoa 167, lakini kinachopimwa ni takriban 156. Tumia 0.315 tuliyopata kwenye pembe: 157.5. Njia mbili zisizojuana zimekutana. Kwa interogasiyo ya mwaka wa kwanza, andika sp² bila hofu. Lakini ujue kwamba asetilini ni sp kwa kulazimishwa na umbo lake la mstari, na etheni ni sp² kwa ukaribu tu, kwa sababu haidrojeni na kaboni si majirani sawa.

Kuchagua kwenye molekuli usiyoizoea

Chukua CH₂=CH–C≡CH, yenye pande zote mbili katika mwili mmoja. Usihesabu mistari, hesabu majirani. Kaboni ya kwanza: haidrojeni mbili na kaboni moja, majirani watatu, sp². Ya pili: haidrojeni moja, kaboni mbili, watatu, sp². Ya tatu: kaboni mbili, majirani wawili, sp. Ya nne: kaboni moja na haidrojeni moja, sp. Sigma: C–H nne na C–C tatu, jumla saba. Pai: moja upande wa kushoto, mbili upande wa kulia, jumla tatu. Jozi kumi, elektroni 20, na atomu zinatoa 4 × 4 + 4 = 20. Hesabu imefunga.

Sasa itazame bondi ya katikati, ile yenye mstari mmoja. Wengi wangesema ni kama ya ethani, pikomita 154. Inapimwa takriban 143. Imeundwa na sp² upande mmoja na sp upande wa pili, obitali mbili fupi, na pai za pande zote zinasogeleana kidogo pia. Mistari ingekuficha hilo. Aina ya obitali inakufunulia.

Na ile molekuli inayovunja njia ya mkato ni aleni, CH₂=C=CH₂. Kila mahali ni mistari miwili, kwa hiyo wa mkato anaandika sp² mara tatu. Hesabu majirani: kaboni za pembeni zina watatu, hizo ni sp² kweli. Ya katikati ina wawili tu, kaboni mbili. Ni sp. Inafunga pai mbili, moja na kila upande, na pai mbili zinadai p mbili, kwa hiyo ya kuchanganya na s inabaki p moja. Urefu wa C=C hapo ni takriban pikomita 131, mfupi kuliko 134 za etheni, kama unavyotarajia pale upande mmoja ni sp. Elektroni ni 16, jozi nane, sigma sita na pai mbili.

Umbo nalo linafuata. P mbili za kaboni ya katikati zimepishana kwa nyuzi 90, kwa hiyo pai ya kushoto na pai ya kulia zimepishana kwa nyuzi 90. Na kwa kuwa kila CH₂ hulala katika bapa lililo wima dhidi ya pai yake, haidrojeni za kushoto na za kulia haziko katika bapa moja. Kama kaboni ya katikati ingekuwa sp², na kila kitu kikawa bapa kama etheni, basi ukiweka methili moja kila ncha ungepata cis na trans. Kwa mapishano haya ya nyuzi 90 unapata kitu kingine: maumbo mawili yanayotazamana kama mkono wa kushoto na wa kulia, ingawa hakuna kaboni hata moja yenye makundi manne tofauti. Van 't Hoff alilitabiri hilo kwa familia ya aleni mwaka 1875, miaka mingi kabla ya mtu yeyote kusema neno obitali, na mwaka 1935 maabara ilitenganisha aleni za namna hiyo kuwa za kushoto na za kulia.